Orodha ya Rangi Tatu Haimtoshi Mwenye Kisukari

Ukutani kwa bibi yangu, katika kijiji kilicho karibu na Masaka, kusini mwa Uganda, kuna karatasi iliyobandikwa juu ya mtungi wa maji. Alipewa kliniki alipoambiwa kwamba ana kisukari cha aina ya pili. Karatasi hiyo ina safu tatu za rangi. Safu ya kijani ni ya vyakula vyenye fahirisi ya glaisemia ya 55 au chini yake, safu ya njano ni ya 56 hadi 69, na safu nyekundu ni ya 70 na kuendelea. Bibi hajui neno glaisemia, wala hakuelezwa maana yake. Alichoambiwa ni kwamba kijani ni kula, njano ni kupunguza, na nyekundu ni kuacha.

Mimi naipinga karatasi hiyo. Siipingi kwa sababu ina uongo, kwani tarakimu zake nyingi zinafanana na zile zilizomo katika majedwali ya wataalamu. Naipinga kwa sababu inajibu swali ambalo bibi hakuuliza, na swali lake halisi inalinyamazia. Swali la bibi ni hili: leo mchana nile nini, kiasi gani, ili sukari yangu isipande na isianguke? Karatasi inamjibu kana kwamba ameuliza ni chakula gani kizuri na ni chakula gani kibaya.

Ndugu msomaji, tuanze na maana ya fahirisi yenyewe, kwa sababu ugomvi wote unatoka hapo. Kipimo hiki kilitangazwa mwaka 1981 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wakiongozwa na Daktari David Jenkins. Walitaka kujua kama vyakula vyenye kiasi sawa cha wanga huipandisha sukari ya damu kwa namna moja. Njia yao ni hii. Unawachukua watu, kwa kawaida kama kumi, walio wazima na ambao hawajala tangu usiku. Unampa kila mmoja chakula kimoja, kwa kiasi chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enywa. Kisha unapima sukari ya damu mara kadhaa kwa muda wa saa mbili, unachora mstari wa kupanda na kushuka kwake, na unakokotoa eneo lililo chini ya mstari huo. Siku nyingine watu walewale wanakunywa gramu 50 za glukosi iliyoyeyushwa katika maji, nawe unachora tena. Glukosi inapewa 100. Chakula ambacho eneo lake ni nusu ya lile la glukosi kinapata 50.

Basi fahirisi ni ulinganisho. Inasema: ukila gramu 50 za wanga kutoka chakula hiki, sukari yako itapanda kwa kiasi gani ukilinganisha na gramu 50 za glukosi? Maneno ya kushika hapo ni "gramu 50 za wanga". Chakula kinapimwa kwa wanga uliomo ndani yake, bila kujali ukubwa wa sahani. Mtu akikuondolea maneno hayo, amekuachia tarakimu isiyo na kichwa wala miguu. Na karatasi ya bibi imeyaondoa.

Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu likizo iliyopita. Tikiti maji lipo katika safu nyekundu, kwa kuwa fahirisi yake katika majedwali mengi ni takribani 75. Matoke, katika karatasi ile, yapo katika safu ya kijani. Bibi yangu alikuwa ameacha kabisa tikiti maji, ambalo analipenda na ambalo jirani yake hulima. Lakini matoke alikula kama kawaida ya kwetu Buganda, yaani kilima cha matoke kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na akiongezewa hakatai. Alikuwa anatii amri. Kijani ni kula.

Nilichukua mizani anayopimia maharage sokoni, nikapima sahani yake. Matoke yalikuwa gramu 600. Sasa tufanye hesabu ambayo karatasi haikumfundisha. Katika matoke yaliyopikwa, tukikadiria kwa chini, robo ya uzito ni wanga. Gramu 600 zinampa gramu 150 za wanga, yaani mara tatu ya kile kiasi kilichotumika maabara. Tuseme fahirisi yake ni 50, ili iwe kijani kama karatasi inavyotaka. Ukizidisha fahirisi kwa gramu za wanga, kisha ukagawanya kwa 100, unapata kile ambacho wataalamu wanakiita mzigo wa glaisemia. Mara 50 kwa 150 ni 7,500, ukigawanya kwa 100 ni 75.

Chukua na kipande kizuri cha tikiti maji, gramu 200. Tikiti maji karibu lote ni maji. Katika gramu 100 mna wanga wa gramu saba na nusu hivi, kwa hiyo kipande chetu kina gramu 15. Zidisha kwa fahirisi ya 75, gawanya kwa 100, unapata 11 na kidogo. Mzigo wa 10 au chini yake huhesabiwa kuwa mwepesi, na wa 20 au zaidi huhesabiwa kuwa mzito. Ili tikiti maji limpe mtu zile gramu 50 za wanga za maabara, ingembidi ale zaidi ya gramu 650 kwa mkao mmoja.

Kwa hiyo kipande cha chakula "chekundu" kina mzigo wa 11, na sahani ya chakula cha "kijani" ina mzigo wa 75. Bibi alinyimwa cha kwanza akaruhusiwa cha pili bila mpaka. Je, hapo nani amekosea? Kosa ni la aliyempa fahirisi akasahau kumpa kiasi.

Sikutaka kuishia kwenye hesabu za karatasi, kwa hiyo tulipima. Nilikuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole na vijiti vichache. Siku ya kwanza, kabla ya chakula, bibi alikuwa na miligramu 148 kwa desilita. Alikula sahani yake ya gramu 600 na mchuzi. Baada ya saa mbili alikuwa na 289. Siku ya pili tulianza na 151. Alikula matoke yaleyale kutoka mkungu uleule, lakini gramu 250, pamoja na maharage na mboga ya dodo iliyojaa nusu ya sahani. Baada ya saa mbili alikuwa na 196. Madaktari wengi huwashauri watu wenye kisukari wabaki chini ya 180 baada ya kula, kwa hiyo bado alikuwa juu kidogo. Lakini tazama tofauti: siku ya kwanza alipanda 141, siku ya pili 45. Najua kwamba siku mbili za mtu mmoja si utafiti. Kwa bibi, hata hivyo, zilitosha kumwonyesha kwamba rangi ya chakula haikubadilika, na sukari yake ilibadilika.

Kuna jambo la pili ambalo karatasi inalificha. Inaandika tarakimu moja mbele ya chakula kana kwamba ni sifa ya kudumu, kama vile uzito wa jiwe. Kiazi kitamu kilichochemshwa na kiazi kitamu kilichochomwa katika jivu si kitu kimoja kwa damu, kwa maana cha kuchoma kwa kawaida hupandisha sukari haraka zaidi. Ndizi inavyozidi kuiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari. Mafuta nayo huchelewesha chakula tumboni, na ndiyo maana katika majedwali chipsi zina fahirisi ya chini kuliko viazi vya kuchemsha, na aiskrimu ina fahirisi ya chini kuliko tikiti maji. Mtu akifuata rangi tu atawaacha jamaa zake wakila tunda, yeye akale aiskrimu, na karatasi itampongeza.

Hata maabara yenyewe imewahi kujirekebisha. Katika jedwali la kwanza la mwaka 1981 karoti zilipewa 92, karibu sawa na glukosi yenyewe. Vipimo vya baadaye viliziweka chini ya 50. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima mkate mweupe kwa watu 63. Wastani ulikuwa 62, lakini watu walitofautiana sana, na hata mtu yuleyule hakutoa jibu lilelile siku nyingine. Mkate mmoja ungeweza kuwa wa kijani kwa mtu huyu na mwekundu kwa jirani yake. Sisemi kwamba kipimo hakina maana. Nasema kwamba ni wastani, na wastani haupigiwi msumari ukutani kama amri.

Lakini jambo lililonifanya niandike kwa hasira si matoke wala karoti. Ni jambo la asubuhi moja mwezi huohuo.

Bibi hutumia dawa mbili, metfomini na glibenklamidi. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho litoe insulini, iwe umekula au hujala, na nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu. Asubuhi hiyo alimeza dawa, akanywa chai kavu, akaenda kupalilia. Saa sita alikuwa bado shambani. Alirudi akitetemeka, jasho linamtoka baridi, maneno yake yamepindapinda. Nilimpima, nikakuta 52. Chini ya 70 sukari imeshuka mno, na ubongo unaanza kukosa chakula chake.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye akili ya haraka, alikuja na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Bibi alikisukuma. Alionyesha karatasi ukutani kwa mkono unaotetemeka, akasema kwa Kiganda, "Sukari ni nyekundu, mwanangu. Nipe karanga." Na karanga kweli zipo katika safu ya kijani, tena juu kabisa.

Hebu fikiri maana ya hilo. Karanga zina wanga kidogo na mafuta mengi. Sifa inayozifanya ziwe njema siku ya kawaida, yaani uvivu wake wa kuipandisha sukari, ndiyo inayozifanya zisifae kabisa saa hiyo. Mtu ambaye sukari yake imeanguka anahitaji kitu chenye kasi: gramu 15 za sukari, ambazo ni vijiko vidogo vinne vya sawasawa katika maji au chai, au glukosi ya unga, au soda ya kawaida nusu chupa. Anasubiri dakika 15, anapimwa tena, na akiwa bado chini ya 70 anarudia. Akishapanda anakula chakula cha kawaida, kwa sababu glibenklamidi haijaondoka na inaweza kumvuta chini tena. Akizimia, asitiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali mbio.

Tulimlazimisha bibi akanywa. Baada ya dakika 15 alikuwa na 81, akaanza kutuuliza kwa nini tumemzunguka kama waombolezaji. Tulicheka wakati ule, lakini usiku sikulala. Niliwaza: kama nisingekuwa likizo, na jirani asingekuwa karibu, bibi yangu angeketi peke yake akitafuna karanga huku ubongo wake unazimika, na angekuwa anatii ushauri wa kliniki.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba wauguzi wana wagonjwa wengi na dakika chache, na kwamba wazee wa vijijini hawawezi kukokotoa mizigo ya glaisemia, kwa hiyo rangi tatu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Sehemu ya kwanza naikubali. Nimeona foleni ya siku ya kliniki na sina neno kwa muuguzi aliyesimama tangu alfajiri. Sehemu ya pili naikataa. Bibi yangu ameuza maharage kwa miaka thelathini. Anajua kibaba, anajua kilo, anajua nani ana deni la nusu kilo tangu Pasaka. Mtu wa namna hiyo hashindwi kuelewa neno "kiasi". Halafu hakuna haja ya kukokotoa. Sahani inagawanywa kwa macho: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya matoke, posho, wali au viazi. Hilo linaelezwa kwa dakika moja kwa kutumia sahani halisi, na linamlinda mgonjwa kuliko safu tatu za rangi.

Watasema pia kwamba utafiti umethibitisha faida ya vyakula vyenye fahirisi ya chini. Ni kweli, na sitaki kushinda kwa kuficha ukweli huo. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba watu wenye kisukari wanaochagua vyakula hivyo hupunguza kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa karibu nusu ya asilimia moja. Si kidogo. Lakini watu wa tafiti hizo walifundishwa, wakafuatwa, na kiasi cha chakula chao kilijulikana. Walitumia fahirisi kwa kazi yake halali, ambayo ni kuchagua kati ya vyakula viwili vya wanga vinavyoliwa kwa kiasi kimoja. Ukiwa na robo ya sahani ya kujaza, na ukaweza kuchagua kati ya kiazi kitamu cha kuchemsha na mkate mweupe, fahirisi itakusaidia kuchagua. Kwanza kiasi, kisha aina. Karatasi ya bibi imeanza na aina, na kiasi haikukitaja.

Basi ombi langu kwa wanaochapa karatasi hizi ni dogo, wala halihitaji wino mwingi. Chini ya zile rangi waongeze mistari mitatu. Mstari wa kwanza useme kwamba rangi inaonyesha kasi tu, na kwamba chakula cha kijani kikizidi robo ya sahani hupandisha sukari kama chekundu. Mstari wa pili useme kwamba namna ya kupika hubadilisha rangi, na kwamba mwenye mashine ajipime kabla ya kula na saa mbili baadaye ili ajue mwili wake unasema nini. Mstari wa tatu uandikwe kwa herufi kubwa kuliko yote: ukitetemeka, ukatokwa jasho na kuchanganyikiwa, sahau rangi, kunywa sukari, na rudi kliniki wakutazame dawa zako.

Sisi tuliandika wenyewe. Nilichukua kalamu nyeusi, nikaandika mistari hiyo kwa Kiganda chini ya safu nyekundu, bibi akiniamuru nikuze herufi. Kliniki nako tulirudi, na daktari alipunguza ile glibenklamidi, akamwagiza asiimeze kabla ya kuhakikisha kwamba chakula kipo. Pembeni ya karatasi sasa kuna kikopo kidogo cha sukari chenye kijiko ndani, ambacho wajukuu wote wameonywa wasikiguse. Na jioni, baada ya sahani yenye robo ya matoke, bibi hula kipande kimoja cha tikiti maji la jirani.